Jipu na selulaitisi ya mguu: lini upasue, lini utoe flukloksasilini au sefaleksini, na ufanyeje penisilini ikimkataa mgonjwa

Mama aliingia akichechemea, buti moja la mvua likiwa mguuni na la pili amelishika mkononi, kwa kuwa mguu wa kushoto ulikuwa umevimba hauingii tena. Ni mchuma chai kule Rungwe, miaka 46, kilo 60. Siku tano zilizotangulia alikwaruzwa na kisiki cha mchai uliopogolewa, upande wa nje wa shavu la mguu. Kesho yake mguu ukaanza kuwaka moto. Akaenda duka la dawa, akapewa ampikloksi, kapsuli moja mara tatu kwa siku. Amemeza siku tatu na mguu umezidi.

Nilimwamkia, akaketi, na kabla sijaugusa ule mguu akaniambia: "Dokta, nikwambie mapema, penisilini inanikataa."

Nitampitisha mama huyu hatua kwa hatua, kwa sababu karibu kila kinachomkwamisha tabibu au muuguzi wa zahanati kwenye ugonjwa huu kilikuwepo kwake: usaha uliojificha, dawa iliyotolewa kwa kipimo kidogo, na mzio ambao hakuna aliyewahi kuuhoji. Vipimo nitakavyotaja ni vya mtu mzima mwenye figo nzima, isipokuwa pale nitakaposema vingine. Mwongozo wa taifa ulio mezani kwako ukitaja kipimo kingine, fuata huo.

Hatua ya kwanza: jua kama kuna usaha

Selulaitisi ni maambukizi yaliyotandaa kwenye ngozi na mafuta ya chini yake bila kujikusanya mahali pamoja. Mara nyingi ni kazi ya streptokokasi. Jipu ni usaha uliojifungia ndani ya shimo, na hapo mhusika mkuu ni stafilokokasi. Selulaitisi inatibiwa kwa dawa. Jipu linatibiwa kwa kupasuliwa, kwa sababu dawa husafirishwa na damu na katikati ya usaha hakuna mshipa wa damu. Dawa inafika kwenye ukuta wa jipu na kukomea hapo. Ndiyo maana mtu anaweza kumaliza dozi mbili nzuri kabisa na jipu likabaki vilevile.

Vitabu vinatuambia tutafute wekundu. Kwa wagonjwa wetu wenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau, inang'aa na imekazana, na vitundu vya vinyweleo vimetokeza kama ganda la chungwa. Kipimo ninachokiamini zaidi ni mgongo wa mkono wangu. Natelezesha mkono taratibu kutoka kwenye ngozi nzima kuelekea penye uvimbe, na pale joto linapoanza naweka nukta ya kalamu. Nikizunguka hivyo pande zote na kuunganisha nukta, napata mpaka wa ugonjwa. Andika tarehe na saa kando ya mstari. Kesho na keshokutwa huo ndio utakaokuambia kama ugonjwa unarudi nyuma au unasonga mbele.

Ukishachora, bonyeza katikati kwa vidole viwili, kimoja kikisukuma na kingine kikipokea. Watu wa huku wanajua kuchagua parachichi sokoni, na hisia ni ileile: bichi ni gumu kote, lililoiva linarudisha kidole kwa ulaini. Selulaitisi ni parachichi bichi. Jipu lililokomaa lina mahali pamoja panapocheza chini ya kidole, na aghalabu ndipo penye maumivu makali zaidi. Ukibaki na shaka, safisha ngozi kwa ayodini, chukua sindano nene ya namba 18 yenye sirinji, uchome katikati na kuvuta. Ukipata usaha, shaka imekwisha. Usipopata kitu, bado usiapie kwamba hakuna, maana usaha mzito unaweza kukataa kupita kwenye sindano. Kama kituo chako kina mashine ya atrasaundi, huu ndio wakati wake.

Nilipoanza kazi, kijana mmoja aliniletea paja lililovimba, gumu, la moto. Nikadhani usaha upo ndani, nikapasua. Ilitoka damu tu. Nilimwongezea kidonda kwenye mguu ambao tayari ulikuwa na ugonjwa, na kilichukua wiki nyingi kufunga. Tangu hapo sipasui uvimbe mgumu kabla ya sindano kunionyesha usaha. Nikishuku usaha wa ndani sana, ule wa kwenye msuli, ambapo mgonjwa ana homa na paja linauma lakini ngozi ya juu iko karibu kawaida, nampeleka kwenye atrasaundi. Huyo hatibiwi zahanati.

Kwa yule mama, joto lilianzia kama sentimita 8 kutoka kwenye mkwaruzo, pande zote. Katikati palikuwa na eneo la upana wa sentimita 4 lililolainika. Sindano ilivuta usaha wa njano mara moja. Alikuwa na vyote viwili, jipu na selulaitisi iliyolizunguka.

Kabla ya kisu: nani asipasuliwe hapo ulipo

Pima joto, mapigo ya moyo, presha na kasi ya kupumua. Mgonjwa aliyechanganyikiwa, presha imeshuka au anahema haraka anahitaji dripu, dawa ya mshipa na rufaa. Usimpe kapsuli za kwenda nazo nyumbani.

Lakini ishara ninayoiogopa kuliko zote ni maumivu yasiyolingana na kinachoonekana. Mgonjwa analia kwa maumivu wakati ngozi imevimba kidogo tu, kisha kwa saa chache uvimbe unavuka mstari wako, malengelenge ya rangi ya damu yanatokea, ngozi inakufa ganzi au inatoa mlio wa hewa ukiibonyeza. Hayo ni maambukizi yanayooza tabaka za ndani, na tiba yake ni chumba kikubwa cha upasuaji siku hiyohiyo. Piga simu ya rufaa wakati unamwekea dripu. Usimweke akiangaliwa hadi asubuhi.

Kuna majipu ambayo hata yakiwa yameiva vizuri nayaacha kwa mwenye chumba cha upasuaji: ya shingoni, kwapani na kinenani, ambako mishipa mikubwa iko jirani, ya titi, ya kando ya njia ya haja kubwa, ya kiganja, na ya uso kuzunguka pua na mdomo. Uvimbe wowote unaodunda pamoja na mapigo ya moyo usiuchome hata sindano. Na kwa jamii za wafugaji kuna moja ya kukumbuka: kidonda chenye gamba jeusi lisilouma, nyama ya pembeni imevimba sana, kwa mtu aliyechuna mnyama aliyejifia. Shuku kimeta. Hicho hakipasuliwi, na kinatolewa taarifa.

Pima pia sukari, na mshauri apime VVU. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, na jipu linaweza kuwa ndilo lililomleta mtu kituoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Kisukari kisichojulikana nacho hujitokeza kwa njia hii, hasa kwa mtu ambaye majipu yanamrudia.

Mama alikuwa na joto la 38.1, mapigo 96, presha 124 kwa 78. Sukari ilikuwa ya kawaida na kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi. Mguu kwa chini ulikuwa na joto zuri na mapigo yake, na angeweza kukunja na kukunjua goti na kifundo bila shida, kwa hiyo viungo havikuingiliwa. Anaweza kutibiwa hapa.

Kupasua

Mpe paracetamoli gramu 1 nusu saa kabla. Ganzi ya lignokeini inafanya kazi vibaya ndani ya usaha kwa sababu pale kuna asidi nyingi, hivyo ukiimwaga katikati ya jipu utakuwa umemchoma mgonjwa bure. Ichome kwenye ngozi inayolizunguka kama pete, kisha mstari mwembamba ndani ya ngozi pale utakapokata. Subiri dakika 5 za saa, usikadirie.

Soma chupa ya ganzi kabla ya kuvuta. Kiwango cha juu cha lignokeini isiyo na adrenalini ninachokifuata ni miligramu 3 kwa kila kilo. Mama wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 180. Chupa ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita, kwa hiyo mwisho wake ni mililita 18. Chupa ya asilimia 2 ina miligramu 20, na mwisho unashuka kuwa mililita 9. Chupa hizi mbili hufanana sana kabatini. Kwake nilitumia mililita 8 za asilimia 1 na zilitosha.

Kata kwa wembe wa upasuaji namba 11, juu ya sehemu iliyolainika zaidi, ukifuata mikunjo ya ngozi au urefu wa mguu. Kosa la kawaida hapa ni woga: tundu dogo kama la kutumbua chunusi. Usaha wa mwanzo unatoka, tundu linaziba usiku huohuo, na jipu linajaa upya. Kwa shimo la sentimita 4 nilikata sentimita 2. Usaha ulipomaliza kutoka wenyewe, kama mililita 25, niliingiza koleo la kubania mishipa likiwa limefungwa, nikalifungua ndani, nikalitoa likiwa wazi, nikazunguka pande zote. Jipu mara nyingi lina vyumba vidogo vilivyotenganishwa na kuta laini. Usipovivunja unaacha nusu ya ugonjwa ndani. Upande wa juu kulikuwa na kijichumba kimoja, kikatoa kijiko kingine cha usaha.

Osha shimo kwa maji ya chumvi ukisukuma kwa sirinji ya mililita 20 hadi yatoke meupe. Zikiisha chupa za maji ya chumvi, maji safi yaliyochemshwa na kupoa yanafaa. Usishone. Wala usilishindilie gozi kama mtu anayejaza gunia la viazi. Shimo dogo chini ya sentimita 5 halihitaji kujazwa, na kulijaza kunaongeza maumivu tu wakati wa kubadilisha. Shimo kubwa zaidi wekea utambi mlegevu wa gozi, mwisho wake ukiwa nje, na uutoe baada ya siku 1 au 2. Funika kwa gozi kavu. Angalia chanjo ya pepopunda, maana kisiki cha shambani ni kidonda kichafu. Mama alichanjwa mara ya mwisho akiwa mjamzito, zaidi ya miaka 10 iliyopita, nikamchanja.

Na je, baada ya kupasua dawa inahitajika? Jipu dogo, kwa mtu mwenye afya, lisilo na homa wala joto lililotandaa pembeni, mara nyingi linapona kwa kupasuliwa peke yake. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia zaidi ya watu 1,200 waliopasuliwa majipu: kati ya waliopewa kotrimoksazoli walipona takribani 80 katika kila 100, na kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa walipona takribani 74. Kisu kilifanya sehemu kubwa ya kazi, dawa ikaongeza kidogo. Mimi naongeza dawa mgonjwa akiwa na homa, joto likiwa limetandaa zaidi ya sentimita 5 nje ya jipu, yakiwa majipu kadhaa, au akiwa na kisukari, VVU, utoto mdogo au uzee. Mama alikuwa na homa na sentimita 8.

Dawa gani, na imezwe vipi

Kwa mgonjwa asiye na mzio, flukloksasilini au sefaleksini moja inatosha, kwa selulaitisi na kwa jipu lililopasuliwa. Zote mbili zinaua streptokokasi na stafilokokasi wa kawaida. Huhitaji kuongeza flajili, wala jentamaisini, wala dawa ya tatu "ya kusaidia". Hizo zina kazi zake, lakini si hapa. Jeraha la kuumwa na mbwa au binadamu ni suala jingine. Huko tumia amoksilini iliyochanganywa na klavulanati.

Flukloksasilini ni miligramu 500 kila baada ya saa 6, kwa siku 5, ukiongeza hadi 7 kama mguu bado una moto. Kama ulichonacho ni kloksasilini, kipimo ni kilekile. Chakula kinaizuia isinyonywe vizuri, kwa hiyo imezwe saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula. Hapo ndipo dozi nyingi zinapoharibika. Tunaandika "mara nne kwa siku", mgonjwa anaelewa anavyoelewa, anameza asubuhi pamoja na uji na jioni pamoja na ugali.

Mimi napanga saa pamoja na mgonjwa. Mama huamka saa 11 alfajiri na kufika shambani saa 1. Tukapanga: saa 11 alfajiri kabla ya chai, saa 5 asubuhi akiwa shambani na chupa ya maji, saa 11 jioni akirudi kabla ya kupika, na saa 5 usiku simu ya binti yake ikilia. Ni saa 6 kamili kati ya dozi na dozi, na hakuna hata moja inayogongana na chakula.

Mgonjwa akishindwa kukaa na ratiba ya tumbo tupu, sefaleksini ndiyo njia: miligramu 500 kila baada ya saa 6 au 8, pamoja na chakula au bila chakula. Kwa mtoto naipendelea zaidi, kwa sababu dawa ya maji ya flukloksasilini ni chungu na watoto wanaitema. Kipimo cha sefaleksini kwa mtoto ni miligramu 25 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Mtoto wa kilo 12 atapata miligramu 300 kila dozi, yaani mililita 12 za chupa yenye miligramu 125 katika mililita 5, au mililita 6 za ile yenye 250. Mjamzito anaweza kutumia yoyote kati ya hizi mbili.

Sasa turudi kwenye ampikloksi ya dukani. Kapsuli ya miligramu 500 ina miligramu 250 za ampisilini na 250 za kloksasilini. Stafilokokasi wengi wana kimeng'enya kinachoivunja ampisilini, kwa hiyo kwao kinachofanya kazi ni ile nusu ya pili tu. Mama alikuwa akipata miligramu 750 za kloksasilini kwa siku, pengine pamoja na chakula, wakati alihitaji 2,000. Na hata angepata 2,000, usaha ulikuwa bado umefungiwa. Simlaumu muuza dawa. Hakuwa na kisu. Ila ukisikia "nilimeza ampikloksi haikusaidia", usiruke moja kwa moja kwenye sindano za bei kubwa. Hesabu kwanza alipata kiasi gani, kisha tafuta usaha.

"Penisilini inanikataa"

Hili neno lisipuuzwe, na lisipokelewe bila maswali. Ninauliza manne: ni dawa ipi hasa, ilikuwa lini, baada ya muda gani tangu kumeza au kuchomwa, na mwili ulifanya nini. Halafu la tano ambalo linasahaulika: tangu siku hiyo umewahi kumeza amoksilini au ampikloksi?

Mama alijibu kwamba alipokuwa binti alipewa kapsuli za kifua, akaharisha siku mbili, na mama yake akasema asipewe tena penisilini. Hakupata mabaka ya kuwasha, midomo haikuvimba, pumzi haikubana. Kuharisha na kichefuchefu ni usumbufu wa dawa. Mzio ni kitu kingine. Na jibu la tano lilikuwa limelala kwenye karatasi ya duka mkononi mwake: ampikloksi siku tatu, kapsuli tisa, za mwisho asubuhi hiyohiyo. Ampisilini na kloksasilini zote ni penisilini. Mwili wake ulikuwa umezipokea bila hata kipele. Nilipomweleza, aliitazama ile karatasi kwa muda. "Kumbe hii nayo ni penisilini?" Nikampa flukloksasilini, dozi ya kwanza mbele yangu, akakaa kwenye benchi saa 1 huku trei ya adrenalini ikiwa karibu.

Ona hapo hatari iliyo upande wa pili. Angekuwa na mzio wa kweli, ile ampikloksi ingeweza kumuua, kwa sababu jina la dawa halikumwambia chochote. Flukloksasilini, kloksasilini, amoksilini, ampisilini, PPF, zote ni ukoo mmoja.

Chukua mgonjwa mwingine, kijana wa Makete. Ndani ya nusu saa baada ya kumeza amoksilini alitoka mabaka ya kuwasha mwili mzima, macho yakavimba, kifua kikabana. Huyu hapewi penisilini yoyote tena. Na sefaleksini? Hapa wengi wanajikwaa. Hofu ya zamani kwamba kila mwenye mzio wa penisilini atadhurika na dawa za jamii ya sefaleksini ilizidishwa. Wengi hawadhuriki. Lakini sefaleksini yenyewe ina mkia wa kikemikali ulio sawa na ule wa ampisilini na unaokaribiana sana na wa amoksilini, na mwili mara nyingi humtambua adui kwa huo mkia. Kwa hiyo kijana aliyedhurika papo hapo na amoksilini, sefaleksini ni chaguo baya kwake. Aliyewahi kupata vipele vyepesi tu siku kadhaa baada ya kuanza penisilini, bila homa, bila vidonda vya mdomo, bila ngozi kubabuka, huyo naweza kumpa sefaleksini na kumwangalia dozi ya kwanza. Aliyebabuka ngozi au kutoka vidonda vya mdomo na macho, simpi dawa yoyote ya makundi haya mawili.

Kwa kijana wa Makete dawa inategemea jibu la hatua ya kwanza. Kama ni selulaitisi tupu, nataka dawa inayomfikia streptokokasi: klindamaisini miligramu 300 kila baada ya saa 6, na isipopatikana, erithromaisini miligramu 500 kila baada ya saa 6. Klindamaisini ikileta kuharisha kwingi, aache na arudi. Erithromaisini inasokota tumbo na inagombana na dawa nyingi, kwa hiyo uliza anachomeza kingine. Kama ni jipu lililopasuliwa, adui mkuu ni stafilokokasi, na hapo doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, au kotrimoksazoli vidonge 2 vya miligramu 480 mara mbili kwa siku, zinafanya kazi vizuri. Doksisaiklini imezwe kwa maji mengi mgonjwa akiwa ameketi wima, na mjamzito asipewe. Mgonjwa mwenye mzio wa salfa asipewe septrini. Na aliye kwenye septrini ya kila siku ya kinga, stafilokokasi wake huenda wamekwisha kuizoea, chagua nyingine. Zote ni siku 5 hadi 7.

Baada ya kumruhusu

Mwambie alale mguu ukiwa juu ya mito miwili, juu kuliko kiuno, na mchana akae hivyohivyo. Maji yaliyojaa mguuni yanazuia dawa isifike vizuri, na mguu ulioning'inia haushuki. Mama alihitaji karatasi ya kupumzika siku 5. Asiyelipwa asipochuma atarudi shambani kesho yake kama hukumwandikia. Angalia pia katikati ya vidole vya miguu. Buti za mvua zinazovaliwa kutwa nzima huleta fangasi hapo, ngozi inapasuka, na bakteria wana mlango wazi. Kama zipo, paka krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku na uendelee wiki 2 baada ya ngozi kufunga, la sivyo utamwona tena na mguu uleule.

Arudi siku inayofuata kubadilisha gozi, na baada ya saa 48 umwamue. Mwonye kwamba siku ya kwanza uvimbe unaweza kuvuka mstari kidogo hata dawa ikiwa inafanya kazi, kwa sababu bakteria wanaokufa wanaamsha uvimbe. Kinachotakiwa kushuka kwanza ni homa na maumivu. Ikifika saa 48 homa bado ipo na joto linavuka mstari, usibadilishe dawa kabla ya kufungua gozi. Ingiza koleo: mara nyingi kuna chumba kilichobaki. Halafu uliza saa za kumeza. Ukikuta shimo safi na dozi zimemezwa sawasawa, ndipo fikiria stafilokokasi aliye sugu kwa flukloksasilini na sefaleksini kwa pamoja, au ugonjwa mwingine kabisa kama damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu, na umpe rufaa na kipande cha usaha kwa ajili ya kuoteshwa kama maabara ipo. Mwambie pia arudi macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa kama chai ya rangi, hata mwezi 1 au 2 baada ya dozi. Flukloksasilini mara chache huziba njia za nyongo, zaidi kwa wazee na kwa waliomeza zaidi ya wiki 2.

Mama alirudi kesho yake akiwa na joto la 37.4. Siku ya tatu joto la ngozi lilikuwa limerudi nyuma sentimita 3 ndani ya mstari. Siku ya tano tuliacha dawa, ngozi ikiwa bado nyeusi na inachunika. Kuchunika huko ni kwa kawaida na hakuhitaji dozi nyingine. Siku ya 12 shimo lilikuwa limejaa nyama nyekundu na mguu uliingia kwenye buti. Kwenye jalada la daftari lake mtu aliwahi kuandika kwa wino mwekundu "MZIO: PENISILINI". Nikalikata neno hilo kwa mstari, nikaweka sahihi na tarehe, na chini yake nikaandika: "Alimeza ampikloksi siku 3 na flukloksasilini siku 5, hakupata mzio. Aliwahi kuharisha tu." Akampa binti yake amsomee, mara mbili.